Mabuti ya pikipiki ya kila siku: kulinda kifundo, kuisikia gia, na kutembea bila kuchechemea

Mabuti yangu ya kwanza ya pikipiki niliyavaa siku tatu tu, nikataka kurudi kwenye raba. Gia ya pili ilikuwa inakataa kuingia. Nikipandisha napata nyutro, injini inanguruma bure na magari nyuma yananisukuma kwa honi. Jioni kidole gumba cha mguu wa kushoto kinauma kama kilichoangukiwa na jiwe. Nikayalaumu mabuti. Siku ya nne nilipitia kwa fundi mmoja mzee kwa shughuli nyingine kabisa, akanitazama miguuni, akaitazama pikipiki, akasema, "Mwanangu, kiatu umebadilisha. Pedali je?"

Pedali sikuwa nimeigusa. Ilikuwa imekaa kwa kipimo cha kiatu chembamba, nami nilikuwa nailazimisha ikipokee kiatu kinene. Tangu hapo nimekutana na watu wengi walioacha mabuti mazuri kwa sababu hiyohiyo, wakarudi kupanda na viatu vya kitambaa ambavyo kifundo kiko wazi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepanda kila siku na kushuka mara nyingi: anatembea, anapanda ngazi, anasimama foleni, kisha anarudi juu ya pikipiki. Mtu huyu anahitaji kifundo kilindwe, mguu uisikie gia, na awe anaweza kutembea. Mahitaji haya matatu huvutana. Yanapatana pale tu buti linapopinda mahali panapotakiwa na kugoma kupinda mahali pengine, kwa hiyo karibu kila kipimo hapa chini kinauliza swali hilo moja: linapinda wapi?

Hatua ya 1: Pima kiatu unachovaa sasa na nafasi ya pedali

Anza nyumbani kabla ya kwenda kununua. Vaa kiatu unachopandia sasa, simama sakafuni, weka rula wima kando ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Soma urefu kutoka sakafuni hadi juu ya kiatu, pale pedali ya gia inapogusa. Pahali penyewe hupati shida kupaona, kwa sababu pedali huwa imeacha alama nyeusi au mchubuko. Andika namba hiyo.

Sasa nenda kwenye pikipiki. Isimamishe wima, injini imezimwa. Chukua kipande cha ubao mwembamba ulionyooka, ukilaze juu ya kikanyagio cha kushoto, ile sehemu unayowekea mguu ukiwa safarini, na ncha yake ipite chini ya pedali ya gia. Uinamishe ubao kama wayo wako unavyoinama ukikaa kawaida. Ukiwa na mtu wa kukusaidia, kaa juu ya pikipiki uweke mguu, naye aangalie mwinamo wa soli yako kisha auige kwa ubao. Pima kutoka juu ya ubao hadi chini ya mpira wa pedali. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo.

Kwenye pikipiki yangu kiatu kilikuwa milimita 48 na nafasi milimita 50. Raba ilikuwa inapita na milimita 2 za ziada, ndiyo maana sikuwahi kufikiria lolote. Mabuti yalipokuja yakapima milimita 62 pale pale kwenye kidole gumba. Ukishaziona namba hizo huhitaji kuambiwa kwa nini gia ya pili ilikuwa inakataa.

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, na uvae soksi zilezile utakazopandia. Buti lililokaa vizuri asubuhi juu ya soksi nyepesi linaweza kukubana vibaya saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya 2: Soma lebo, lakini ujue isichosema

Mabuti yaliyopimwa kwa ajili ya pikipiki huwa na lebo iliyoshonwa ndani, mara nyingi kwenye ulimi au kwenye shingo ya buti. Tafuta picha ndogo ya mtu juu ya pikipiki na maandishi EN 13634, ambacho ni kipimo cha Ulaya cha viatu vya waendesha pikipiki. Kwa toleo la 2017, chini ya picha kuna namba nne, kila moja ni 1 au 2, na 2 ndiyo ya juu. Ya kwanza inaeleza urefu wa shingo ya buti. Ya pili inaeleza jinsi buti linavyostahimili kusuguliwa, kama linavyosuguliwa na lami ukiteleza. Ya tatu inahusu kukatwa na kitu chenye ncha kali, na ya nne inahusu soli kugoma kupondwa kutoka ubavuni.

Hapa wengi hudanganyika. Hakuna hata moja kati ya namba hizo nne inayosema kama mifupa ya kifundo imekingwa dhidi ya pigo. Kinga hiyo ni ya hiari katika kipimo hiki, na buti lililopimwa kwa ajili yake huongezewa herufi IPA kwenye lebo. Unaweza kushika buti lenye 2 2 2 2, refu, zito na la bei kubwa, na kwenye kifundo kuna ngozi tu na sifongo. Ukitaka kinga ya kifundo, tafuta IPA. Ukiona WR, hiyo inahusu maji: buti limepimwa kwamba halipitishi.

Kwa mtu wa kila siku mimi huitazama sana namba ya nne. Pikipiki ikilala upande, mguu hubanwa kati yake na ardhi, na soli laini hukunjika kama kitabu kinachofungwa, mifupa ya wayo ikiwa ndani. Shingo fupi naweza kuivumilia kwa ajili ya kutembea, mradi imefunika kifundo chote na kupanda juu yake kidogo. Soli inayokunjika siwezi.

Kama buti halina lebo yoyote ya namna hiyo, mikono yako ndiyo itakayolipima. Na hata kama lebo ipo, hatua inayofuata usiiruke.

Hatua ya 3: Lipime buti kwa mikono

Shika soli kwa mkono mmoja pale ilipo pana zaidi, chini ya mzizi wa vidole, uiminye kutoka pande zote mbili kwa nguvu zako zote. Isikunjike. Ikikunjika kwa vidole vyako, chini ya pikipiki ya zaidi ya kilo mia haitakuwa na la kufanya.

Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha ya buti kwa mwingine, usokote kama unayekamua nguo. Buti zuri linakubali kidogo kisha linagoma. Raba husokotwa mpaka soli inatazama pembeni, na hivyo ndivyo kifundo chako kingesokotwa mguu ukinaswa.

Halafu shingo ya buti. Isukume mbele na nyuma: inatakiwa iende kwa urahisi, maana huo ndio mwendo wa kupiga gia, kukanyaga breki na kutembea. Isukume sasa kushoto na kulia: hapo inatakiwa ikuzuie. Tofauti kati ya mielekeo hiyo miwili ndiyo inayotenganisha buti la pikipiki na buti la kawaida lenye shingo ndefu. Buti laini pande zote halikingi kifundo kisipinde. Buti gumu pande zote ni la njia za mashindano. Kinga yake ni kubwa, lakini kwenye ngazi utashuka ubavuubavu.

Mwisho ingiza mkono ndani uitafute pedi ya kifundo kwa vidole. Iwe imeshonewa au kuingizwa mahali pake, isiwe inaelea. Ibonyeze kwa kidole gumba: juu usikie ganda gumu, na chini yake kitu laini. Ganda husambaza pigo, ulaini hulipunguza makali. Sifongo peke yake ni starehe tu ya kuvaa.

Hatua ya 4: Livae, kisha uitafute mifupa yako

Funga buti kabisa kama unavyotaka kuondoka. Sasa fikiria kifundo chako: kina mifupa miwili inayojitokeza, mmoja ndani na mmoja nje, na haiko sawa. Ule wa nje uko chini zaidi na nyuma kidogo kuliko wa ndani. Jipapase sasa hivi utaona. Buti lililotengenezwa kwa kufikiri lina pedi ya nje iliyoshuka chini kuliko ya ndani. Nimeshika mabuti ambayo pedi zote mbili ziko kimo kimoja, na ile ya nje inaukinga msuli juu ya mfupa, mfupa wenyewe ukiwa nje ya kinga.

Usipime ukiwa umesimama tu. Kaa kwenye kiti kifupi, magoti yamekunjwa kama ulivyo juu ya pikipiki, vidole vimenyanyuliwa kama unayetaka kupandisha gia. Shingo ya buti husogea na pedi nayo husogea. Bonyeza kwa kidole kutoka nje katikati ya pedi: msukumo usikike juu ya mfupa. Ukiusikia kwenye nyama iliyo juu au nyuma yake, buti hilo si la umbo la mguu wako hata kama namba ni sahihi. Jaribu la aina nyingine.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu huona aibu kukifanya dukani, nami nakusihi ukifanye. Likiwa limefungwa, mwombe mtu ashike kisigino cha buti avute kama anayekuvua. Mguu ukiteleza ukatoka, hata nusu, buti hilo litakuvuka barabarani, na pedi zake zote zitabaki upande mwingine wa njia. Zipu peke yake haitoshi. Napenda iwe na ukanda wa velkro au bizimu juu yake wa kuishikilia.

Kamba zina faraja yake, kwa kuwa zinaukumbatia mguu vizuri kuliko zipu, na kwa mtembeaji ni nzuri sana. Lakini zina hatari ambayo nimeionja. Nilikuwa nasimama kwenye taa, nikashusha mguu wa kushoto, mguu ukagoma kushuka. Kitanzi cha kamba kilikuwa kimevaa ncha ya pedali ya gia. Pikipiki ikaanza kulala taratibu upande huohuo na mimi sina cha kukanyagia. Nililala nayo, goti likachubuka, na kifundo kikabaki chini ya injini mpaka wapita njia walipoiinua. Buti lilikuwa na soli ngumu na pedi, nikasimama nikatembea. Tangu siku hiyo kamba zangu nazifunga fundo upande wa nje, vitanzi vifupi, na ncha zote nazichomeka chini ya mkanda au ndani ya shingo ya buti. Buti lisilokuwa na mahali pa kufichia kamba silinunui tena.

Hatua ya 5: Tembea nalo, ukianza na ngazi

Sakafu tambarare ya dukani haikuambii mengi. Tafuta ngazi. Ukishuka, vidole visigonge mbele; vikigonga mara moja dukani, baada ya wiki mbili kucha itakuwa nyeusi. Ukipanda, kisigino kinaruhusiwa kunyanyuka ndani kidogo sana, nusu sentimita hivi, kwa sababu soli ya buti la pikipiki ni ngumu na itapungua ugumu baadaye. Kikinyanyuka zaidi ya hapo kitakuchubua, na soksi nene hazitakuokoa.

Angalia soli inapinda wapi unapotembea. Mguu wa mtu hupinda kwenye mzizi wa vidole. Buti likipinda nyuma zaidi ya hapo, katikati ya wayo, maana yake ni mawili: ama ni refu mno kwako, ama halina bamba gumu ndani ya soli. Bamba hilo ndilo linalozuia kikanyagio kisikuchome unyayo kwa mtetemo wa safari ndefu, kwa hiyo mtu wa kila siku hawezi kulikosa. Soli inayofaa ni ngumu kuanzia kisigino hadi nyuma ya mzizi wa vidole, kisha inalegea. Kama ncha ya mbele imeinuka kidogo kutoka sakafuni, hatua inajiviringisha yenyewe na huhitaji kuikunja soli kwa nguvu.

Kisigino cha buti kiwe na ngazi, yaani kipinde kinachoonekana pale soli inaposhuka kwenda kisiginoni. Soli iliyo bapa moja kwa moja huteleza mbele juu ya kikanyagio kilicholowa, na ngazi hiyo ndiyo inayokupa mahali pa kuegemea. Isiwe ndefu sana tu, maana itakuchosha kutembea.

Kitu kingine: chuchumaa. Ukingo wa juu wa buti usikukate mbele ya mguu wala usichome msuli wa nyuma. Dukani utaukuta ni msuguano mdogo usioufikiria, lakini safari ya dakika arobaini katika foleni ya magari inaugeuza kidonda.

Hatua ya 6: Irekebishe pedali kwa kipimo cha buti

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama mabuti yatavaliwa au yatakaa chini ya kitanda.

Kwanza elewa tatizo. Kwenye pikipiki nyingi gia ya kwanza huingia kwa kukanyaga chini na zilizobaki kwa kuinua juu. Ukiinua, unaitumia sehemu ya juu ya kidole gumba, na hapo ndipo unene wa buti unapofanya kazi. Kila gia ikishaingia, pedali lazima irudi katikati kabisa ndipo mtambo wa ndani ujipange kwa gia inayofuata. Buti nene likibaki limeibana pedali kwa chini, pedali hairudi yote, na mara inayofuata unainua bila kitu kutokea, au unaangukia kati ya gia mbili. Zaidi ya hapo, shinikizo dogo la kudumu kwenye pedali huzilazimisha uma za gia, vile vyuma vinavyosogeza gia ndani ya injini, kusuguana na gia safari nzima, na hilo huzichakaza.

Kwa hiyo chukua unene wa buti kwenye kidole gumba, ongeza milimita 2 au 3, na hiyo ndiyo nafasi unayoitafuta kati ya ubao na pedali. Kwangu: 62 na 3 ni 65. Nilikuwa na 50. Nilihitaji kupandisha ncha ya pedali milimita 15.

Jinsi ya kupandisha inategemea pikipiki yako. Kama pedali inaunganishwa na shafti ya gia kwa fimbo nyembamba yenye nati mbili za kufungia, una bahati. Fimbo hiyo kwa kawaida ina uzi wa kulia upande mmoja na uzi wa kushoto upande wa pili, kwa hiyo ukiizungusha inarefuka au kufupika bila kuifungua. Angalia kwa makini ni nati ipi yenye uzi wa kushoto, maana hiyo inalegea kwa kuzungushwa kinyume na ulivyozoea, na wengi wameiharibu kwa kuikaza wakidhani wanaifungua.

Fimbo yangu ina uzi wa milimita 6, ambao hatua yake ya kawaida ni milimita 1. Mzunguko mmoja kamili ukisogeza milimita 1 kila upande, jumla ni milimita 2. Kutoka kwenye mhimili wa pedali hadi fimbo inapofungwa nilipima milimita 40, na kutoka mhimili huohuo hadi ncha inayoguswa na buti ni milimita 130. Kwa hiyo milimita 2 za fimbo zinakuwa 2 mara 130 gawanya kwa 40, yaani milimita 6.5 kwenye ncha. Mizunguko miwili ingenipa 13, mitatu 19.5.

Nilizungusha mitatu, kwa tamaa ya kumaliza mara moja. Kupandisha gia kukawa raha, lakini kushusha ikawa lazima niutoe mguu mzima juu ya kikanyagio ili nifike juu ya pedali. Hiyo ndiyo dalili ya pedali iliyopanda kupita kiasi. Nikarudisha hadi mizunguko miwili na robo, ikawa milimita 14.6 hivi, na hapo pedali ikatulia. Upande wa kuzungusha siwezi kukuambia, kwa kuwa unategemea fimbo imekaa mbele au nyuma ya mhimili. Zungusha nusu, angalia ncha imekwenda wapi, kisha uendelee. Kila upande hakikisha uzi ulioingia ndani haupungui milimita 6, unene wa fimbo yenyewe. Kisha kaza nati zote mbili.

Kama pedali imefungwa moja kwa moja kwenye shafti yenye meno, kazi ni fupi lakini haina upole. Weka alama ya rangi kwenye shafti na kwenye pedali ili ujue ulipoanzia. Bolti, mara nyingi ya spana namba 10, itoe yote. Kwenye pikipiki nyingi hupita kwenye mfereji wa shafti, na ukiilegeza tu pedali haitatoka hata uipige nyundo. Sogeza jino moja, rudisha, kaza. Jino moja laweza kupandisha ncha kwa sentimita 2 au zaidi, kwa hiyo ukihitaji milimita 10 hakuna jino la kukupa. Mwenye pikipiki ya aina hiyo achague buti jembamba zaidi kwenye vidole tangu dukani, au akubali pedali iwe juu kidogo. Usijaribu kuikunja pedali kwa bomba ikiwa bado imefungwa. Nguvu yote inaingia kwenye shafti, na sili ya mafuta ndiyo inayoharibika kwanza.

Pedali ya upande mbili, ile ya kukanyagwa kwa vidole mbele na kwa kisigino nyuma, inataka jambo moja la ziada: kisigino cha buti kisiwe kinalala juu ya sehemu ya nyuma ukiwa umetulia. Unene wa vidole juu hauna shida sana hapo, ila ule unaoingia kati ya pedali ya mbele na kikanyagio.

Kabla ya kuondoka, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya katikati au gurudumu la nyuma limenyanyuliwa, lizungushe kwa mkono huku ukiingiza gia zote juu na chini. Pedali isiguse stendi ya pembeni, injini wala chasi katika mwendo wake wote.

Usiusahau mguu wa kulia. Soli nene hupunguza hisia ya vidole, na pedali ya breki ikiwa juu utaikanyaga bila kujua. Egesha pikipiki usiku nyuma ikitazama ukuta, washa swichi, kaa kama unavyokaa safarini, na mtu aangalie ukuta. Ukutani kukiwaka wekundu mkali wa taa ya breki na wewe unaamini umetulia, shusha pedali kwa bolti yake ya kurekebishia, kisha hakikisha swichi ya taa ya breki bado inawasha mapema unapokanyaga na kuzima unapoachia.

Hatua ya 7: Yazoeshe kabla ya siku ya kazi

Yavae ndani ya nyumba nusu saa kwa siku tatu au nne. Siku hizo bado unaweza kuyarudisha, na utajua mahali panapochubua. Kisha panda nayo mahali pasipo na magari na ufanye zoezi moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu, rudi ya kwanza, mara ishirini. Hapo mwanzo gia utaijulia mkononi na sikioni, kwa mlio wa injini na kwa pedali inavyorudi, kabla ya kuijulia kidoleni. Kidole kitajifunza. Mimi ilinichukua kama wiki moja ngozi ya juu ilipolainika ndipo nikaanza kuusikia tena ule mgongo mdogo ambao pedali huupita gia inapoingia.

Ikiwa baada ya wiki mbili bado unakosa gia ya pili, usiendelee kuzoea. Rudi kwenye ubao na rula. Kitu kimesogea au hesabu haikuwa sahihi. Na ukikosa gia hata ukivaa kiatu chembamba, tatizo liko kwenye klachi au ndani ya giaboksi, si miguuni.

Baadaye, kagua sehemu tatu. Juu ya kidole gumba cha kushoto, pedali hula ngozi. Kama buti halina kipande cha mpira cha kuikinga, bandikisha kimoja kwa fundi viatu kabla haijatoboka, kiwe chembamba kisikurudishie unene ulioupangia. Chini, pale kikanyagio kinapokaa, mfereji utachimbika kwenye soli. Ukianza kuona tabaka la ndani, peleka ikabadilishwe. Na pedi za kifundo, zitafute kwa vidole kila miezi michache. Pedi iliyoshuka, iliyozunguka, au ambayo ganda lake limepata ufa haikingi tena. Baada ya ajali ambayo buti limepokea pigo, lifungue ndani uangalie ganda hata kama ngozi ya nje ni nzima, kwa kuwa ufa hufichika chini ya kitambaa.